Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari: zawadi ya aliyepanda zaidi haipimwi kwa asilimia

Ndugu Afisa Elimu,

Tunakusalimu kwa heshima. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopitisha kwa wakuu wa shule hazikujibiwa. Kwenye kikao cha walimu wa taaluma mwaka jana uliahidi kwamba kipimo cha zawadi ya mwanafunzi aliyepanda zaidi kwa alama kingepitiwa upya kabla ya sherehe nyingine. Sherehe imefanyika wiki iliyopita na kipimo ni kilekile: unatoa wastani wa mwanzo kwenye wastani wa mwisho, unagawanya kwa wastani wa mwanzo, unazidisha kwa 100. Waliopanda jukwaani wote walianza chini ya alama 15. Watoto waliotoka kwenye C wakapigana hadi wakaipata A walibaki kwenye viti wakipiga makofi, na sisi ndio tuliotakiwa kuwaeleza kwa nini.

Hatuna neno na waliopewa. Mtoto aliyetoka alama 11 akafika 34 amevuka F na kuingia D, na hilo ni jambo kubwa kwake na kwa mzazi wake. Tunacholalamikia ni hesabu ambayo imeshachagua mshindi kabla mitihani haijafanyika.

Chukua darasa la Kidato cha Tatu lenye wanafunzi 45. Wastani wa darasa mwezi Juni ulikuwa 42, na Novemba ukawa 50. Tuwaangalie wanne kwa namba zao za mtihani. Namba 07 alitoka 11 akafika 34. Namba 15 alitoka 46 akafika 63. Namba 22 alitoka 71 akafika 86. Namba 31 alitoka 92 akafika 97.

Kwa kipimo chenu, namba 07 amepanda kwa asilimia 209, namba 15 kwa asilimia 37, namba 22 kwa asilimia 21, na namba 31 kwa asilimia 5. Ili namba 22 amfikie namba 07 angehitaji alama 219 kwenye mtihani wa alama 100. Hapo hakuna mashindano. Kadiri alama ya mwanzo inavyokuwa ndogo, ndivyo kigawanyo kinavyokuwa kidogo na jibu linavyokuwa kubwa. Aliyeanza na 4 akapata 16 anawashinda wote hawa wanne, na bado ana F.

Wapo waliopendekeza tuache kugawanya, tuhesabu tu alama zilizoongezeka. Hapo namba 07 ana 23, namba 15 ana 17, namba 22 ana 15, namba 31 ana 5. Pengo limepungua, lakini mwelekeo ni uleule, na sababu ziko mbili. Ya kwanza inaonekana kwa macho: aliye kwenye 92 amebakiwa na alama 8 tu za kupanda. Ya pili imejificha, na ndiyo inayotuumiza zaidi.

Alama ya mtihani mmoja ina uwezo wa mtoto ndani yake, na ina bahati ya siku ile. Ukiwachagua waliofanya vibaya kabisa siku moja, miongoni mwao wamo waliokuwa na homa, waliochelewa, waliokosa usingizi. Mtihani unaofuata bahati mbaya hiyo haiwarudii wote, kwa hiyo kundi hilo hupanda hata kama hakuna aliyefungua daftari. Waliokuwa juu kabisa hushuka kidogo kwa sababu hiyohiyo. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alilionyesha jambo hili mwaka 1886 kwa urefu wa wazazi na watoto wao: watoto wa warefu sana walielekea kuwa wafupi kidogo kuliko wazazi wao, na wa wafupi sana kuwa warefu kidogo. Kwenye alama ni vilevile. Anayetoa zawadi kwa ongezeko tupu anatoa sehemu ya zawadi hiyo kwa bahati mbaya ya Juni.

Na hapa Dar es Salaam bahati hiyo tunaijua sura yake. Majaribio ya Aprili huangukia katikati ya masika. Maji yakijaa bonde la Msimbazi, watoto wa upande ule hawafiki, au wanafika saa nne wamelowa. Baadhi ya shule huandika sifuri kwa somo ambalo mwanafunzi hakulifanyia mtihani, badala ya kuandika kwamba hakuwepo. Sifuri mbili katika masomo manane humshusha mtoto wa wastani wa 48 hadi 36. Mwanzo ukihesabiwa kwa majaribio hayo, mwisho wa mwaka akifanya masomo yote na kurudi 48 yake, karatasi yenu inasema amepanda kwa asilimia 33. Hajapanda hata alama moja.

Jambo jingine tunalisema waziwazi kwa kuwa limeanza kusikika madarasani: mtoto akishajua kanuni, anajua pia kwamba kuandika ovyo mtihani wa Juni ni njia ya kwenda jukwaani Novemba.

Ipo kanuni nyingine ambayo baadhi ya wenzetu wanaipenda. Mwanafizikia Richard Hake aliieneza mwaka 1998 alipolinganisha madarasa ya fizikia: unachukua alama zilizoongezeka unazigawanya kwa alama zilizokuwa zimebaki kufika 100. Namba 07 anapata 23 kwa 89, yaani 0.26. Namba 15 anapata 0.31, namba 22 anapata 0.52. Inapendeza, mpaka umfikie namba 31: alama 5 kati ya 8 zilizobaki ni 0.63, naye anakuwa bingwa wa kupanda kwa maswali mawili au matatu. Hake aliitumia kwa wastani wa madarasa mazima. Ukimpimia mtoto mmojammoja aliye karibu na 100, kosa dogo la usahihishaji linageuza matokeo. Upendeleo umehama tu, umetoka chini umeenda juu.

Tunachokuomba ni kipimo kinachouliza swali sahihi: mtoto huyu amefika wapi ukilinganisha na pale ambapo wenzake walioanza naye mahali pamoja hufika? Jibu linatoka kwenye matokeo ya darasa lenyewe. Unatafuta mstari unaoonyesha uhusiano wa alama za mwanzo na za mwisho za wanafunzi wote. Mstari huo unampa kila mmoja alama inayotarajiwa, na ziada yake ni alama aliyopata kutoa alama inayotarajiwa.

Kwa darasa letu la mfano, chukulia mwinuko wa mstari umetoka 0.8, yaani aliyemzidi mwenzake alama 10 mwanzoni hutarajiwa kumzidi alama 8 mwishoni. Inayotarajiwa ni 50 kujumlisha 0.8 mara tofauti ya alama yake ya mwanzo na 42. Namba 07 alitarajiwa 25.2, akapata 34: ziada 8.8. Namba 15 alitarajiwa 53.2, ziada 9.8. Namba 22 alitarajiwa 73.2, akapata 86: ziada 12.8. Namba 31 alitarajiwa 90, ziada 7. Wanne hawa sasa wako kwenye uwanja mmoja. Aliyeanza na 11 yumo kwenye ushindani kwa haki yake, na angepata 39 badala ya 34 angekuwa wa kwanza.

Kompyuta ya ofisi ya taaluma inatosha. Alama za mwanzo ziwe safu ya C, za mwisho safu ya D, wanafunzi kuanzia mstari wa 2 hadi wa 46. Inayotarajiwa iwe safu ya E, ziada safu ya F, na fomula za safu hizo mbili zishushwe hadi chini:

```
E2: =FORECAST(C2,$D$2:$D$46,$C$2:$C$46)
F2: =D2-E2
H1: =CORREL(C2:C46,F2:F46)
H2: =STEYX(D2:D46,C2:C46)
```

H1 ndiyo hakimu. Lazima itoke sifuri, au namba ndogo mno iliyo sawa na sifuri, maana yake ziada haina uhusiano wa mstari na mahali mtoto alipoanzia. Fanyeni hesabu hiyohiyo kwa asilimia mlizotumia kwenye sherehe ya wiki iliyopita mwone itakavyozama kwenye hasi. Mwanafunzi aliyekosa mtihani aondolewe kwenye orodha kwa mstari mzima. Ukiacha kisanduku chake wazi, fomula ya E itamhesabu kama aliyeanza na sifuri, na tutarudi kulekule.

H2 ni mtawanyo wa kawaida wa ziada za darasa. Ikitoka 6, ziada ya 12.8 imezidi kidogo mara mbili yake. Hiyo ni kubwa, lakini katika watu 45 mmoja hivi hufika hapo kwa bahati tu. Kwa hiyo kabla ya kumtangaza mtu, rudia hesabu somo kwa somo. Aliyepanda kweli huwa na ziada chanya katika masomo mengi. Aliyebebwa na karatasi moja iliyovuja au iliyosahihishwa kwa huruma hujulikana hapo. Na ziada za wawili zikipishana chini ya alama moja, wapewe wote wawili.

Alama ya mwanzo isiwe ya mtihani mmoja. Iwe wastani wa mitihani miwili au mitatu, mmojawapo uwe wa mwaka uliotangulia, uliofanyika kabla mtoto hajajua atashindania nini. Hilo linapunguza bahati ya masika na linaziba njia ya kujiangusha makusudi, ambayo mstari peke yake hauizibi. Na kwa kuwa shule zetu hazitungi mtihani mmoja, ziada ya kila mtoto igawanywe kwa H2 ya darasa lake kabla ya kulinganisha shule na shule.

Kipimo hiki nacho kina ukomo. Aliyetarajiwa 95 hawezi kupata ziada zaidi ya 5 hata akiwa nani. Tunaona wanaotarajiwa zaidi ya 85 wabaki kwenye zawadi ya ufaulu wa jumla, ambayo tayari ni yao, na jambo hilo litangazwe mapema. Darasa lenye watu chini ya 20 mstari wake huyumba. Liunganishwe na mkondo mwingine uliofanya mtihani uleule.

Tumeambiwa wazazi hawataielewa. Wataielewa ukiwaambia kwamba mtoto huyu alitarajiwa 73 akapata 86. Ni asilimia 209 ya mtoto mwenye D ndiyo wanayotuuliza hadi leo, nasi hatuna la kuwajibu.

Matokeo ya Novemba yataanza kujumlishwa muda si mrefu. Tunakuomba ufute kanuni ya asilimia kwa waraka wa maandishi, kabla karatasi za majumuisho hazijafika kwako. Kama mengine yote yatasubiri, hili lisisubiri. Mwaka jana uliahidi kwa mdomo. Safari hii tunaomba maandishi, na tarehe.

Wako katika ujenzi wa elimu,

Walimu wa taaluma wa shule za sekondari,
Dar es Salaam