Umeme ukikatika, Word itakurudisha nyuma dakika ngapi?

Msimu wa mitihani na wa kufunga hesabu za mwaka, swali tunalolisikia sana hapa dukani ni hili: "Fundi, umeme umekatika nikiwa katikati ya kazi. Inarudi kweli?" Mara nyingi inarudi. Lakini kinachorudi si kazi kama ulivyoiacha, ni kazi kama ilivyokuwa mara ya mwisho Word ilipoichukua nakala, na muda wa kuchukua nakala hiyo umewekwa kwenye kisanduku kidogo ambacho wateja wetu wengi hawajawahi kukifungua. Kompyuta inapotoka kiwandani, kisanduku hicho huwa kinasomeka 10, yaani dakika kumi. Kwa mtu anayetumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS, dakika kumi ni nyingi mno.

Chukua mwalimu anayechapa mtihani wa hesabu wa kidato cha pili. Amehifadhi faili saa nne kamili asubuhi, akaendelea. Saa nne na dakika kumi Word imechukua nakala yake kimyakimya. Saa nne na dakika kumi na tisa umeme unakatika. Akiwasha kompyuta, anapata kazi ya saa nne na kumi. Dakika tisa zimepotea. Kwa barua ya kawaida hilo ni jambo la kukunja uso tu. Kwa mtihani wa hesabu, dakika hizo tisa ni maswali matatu au manne yenye sehemu, vipeuo na jedwali, kila alama imetafutwa na kupangwa mahali pake. Na asipokumbuka vizuri alichoandika, anaweza kurudia swali kwa namba tofauti na zile alizokwisha kuzikokotolea majibu kwenye karatasi. Kisanduku kile kingesomeka 2, nakala ya mwisho ingekuwa ya saa nne na dakika kumi na nane. Angepoteza swali moja lililokuwa mkononi, basi.

Kubadilisha hakuhitaji fundi. Fungua Word, bonyeza File, kisha Options iliyo chini kabisa upande wa kushoto, kisha Save. Utaona mstari unaosema Save AutoRecover information every, na mbele yake namba na neno minutes. Hakikisha kisanduku cha mwanzo wa mstari kina alama ya tiki, badilisha namba iwe 2, halafu chini yake weka tiki pia kwenye Keep the last AutoRecovered version if I close without saving. Bonyeza OK. Njia ni hiyohiyo kwenye Word ya 2016, 2019, 2021 na ile ya kulipia kwa mwezi.

Namba inaweza kuanzia 1 hadi 120. Wateja wengi wakishaelewa huuliza kwa nini tusiweke 1 moja kwa moja. Kwa barua na mikataba ya kurasa chache, weka 1, hakuna tatizo. Lakini ukiwa na ripoti ya kurasa mia yenye picha nyingi, kwenye kompyuta ya zamani yenye diski ya kuzunguka, kila nakala inapochukuliwa utaona kishale kinasita na herufi zinachelewa kutokea kwenye skrini. Mtu akikutana na hali hiyo kila dakika, hukasirika akaenda kuondoa tiki kabisa, na hapo ndipo hasara inapoanza. Kwa hiyo pendekezo letu ni 2 kwa kazi za kawaida, na 5 kwa mafaili mazito.

Jambo linalowaponyoka wengi: kila programu ina kisanduku chake. Ukibadilisha kwenye Word, Excel inabaki na kumi zake, na PowerPoint vivyo hivyo. Ingia katika kila moja. Excel ina kitu kimoja zaidi cha kuangalia papo hapo kwenye ukurasa huo wa Save, mstari unaosema Disable AutoRecover for this workbook only. Ukikuta una tiki, jua kwamba kitabu hicho cha hesabu hakichukuliwi nakala hata kama juu umeandika dakika 1. Ondoa tiki hiyo. Wanaotumia LibreOffice waende Tools, Options, Load/Save, General, watafute Save AutoRecovery information every.

Ukimaliza kuseti, tunakushauri ujaribu kabla hujahitaji. Fungua ukurasa mpya wa Word, andika sentensi mbili tatu bila kuhifadhi, kisha subiri dakika tatu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika maneno haya kwenye kisanduku kitakachotokea, ubonyeze Enter:

```
%AppData%\Microsoft\Word
```

Folda itafunguka. Ndani yake, au ndani ya folda ndogo iliyomo humo, kutakuwa na faili linaloishia na `.asd`, na saa yake ni ya dakika hizi hizi. Hiyo ndiyo nakala yako. Ukitaka kuona inavyorudi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua Word kwenye orodha, ubonyeze End task. Word itakufa ghafla kama vile umeme umekatika. Ifungue tena, na maneno yako yatakuwa yanakusubiri upande wa kushoto. Zoezi hili lifanye kwenye ukurasa wa majaribio tu, mafaili mengine yote ukiwa umeyahifadhi na kuyafunga.

Upande huo wa kushoto ndipo kazi nyingi zinapopotelea, tena baada ya kuwa zimekwisha kuokolewa. Kompyuta ikiwaka, mtu kwa haraka anaenda kwenye flashi yake, anabofya faili lake mara mbili, linafunguka likiwa la zamani, anahuzunika na kuanza kuchapa upya. Wakati huohuo Word imemwekea safu iliyoandikwa Document Recovery, yenye jina la faili lake zaidi ya mara moja na saa chini ya kila jina. Usiifunge safu hiyo kabla hujasoma saa. Lile lililoandikwa Original ni faili kama ulivyolihifadhi mwenyewe. Lile lililoandikwa AutoRecovered au Autosaved ni nakala ya Word. Fungua lenye saa ya karibuni zaidi, teremka hadi mwisho uone kama kazi yako ya mwisho ipo, kisha bonyeza F12 ulihifadhi kwa jina jipya, kwa mfano `mtihani_hesabu_2`. Jina jipya linakulinda: ukigundua baadaye kwamba umechagua lisilo sahihi, la mwanzo bado lipo. Ukifunga safu hiyo na Word ikakuuliza kama unataka kuyaona mafaili hayo baadaye, na huna uhakika, jibu ndiyo.

Kosa lingine ni la kubonyeza Don't Save kwa bahati mbaya. Hapo umeme haukukatika, umefunga mwenyewe, na ile tiki ya pili tuliyokuambia uweke ndiyo inayokuokoa. Fungua Word, nenda File, Info, Manage Document, kisha Recover Unsaved Documents. Barua mpya ambayo hukuwahi kuipa jina hukaa humo kwa siku nne tu, halafu hufutwa. Na kumbuka kwamba lazima nakala iwe imekwisha kuchukuliwa angalau mara moja. Barua uliyoichapa kwa dakika saba huku kisanduku kikisomeka 10, ukaifunga bila kuhifadhi, haiko humo wala mahali pengine popote. Kisanduku kikisomeka 2, ipo.

Sasa kuna jambo tunalotaka wateja wanaochapia steshenari, maktaba na kompyuta za kazini walielewe vizuri. Nakala hizi hazikai kwenye flashi yako. Zinakaa kwenye diski ya kompyuta ileile uliyokuwa ukiitumia, chini ya jina la mtumiaji yuleyule aliyeingia. Umeme ukikatika steshenari ukachomoa flashi na kwenda duka la jirani lenye jenereta, kule hutakuta kitu. Lazima urudi kwenye mashine ileile. Tena kuna maduka na vyuo ambavyo kompyuta zao zimewekewa programu ya kuzirudisha kama zilivyokuwa kila zinapowashwa, ili virusi visikae. Ni kinga nzuri kwa mwenye duka, lakini ikiwa inasafisha diski hiyo yote, inafuta na nakala yako. Muulize mhudumu kabla hujaanza kazi ndefu. Akisema ndivyo ilivyo, tegemeo lako ni Ctrl na S tu, kila unapomaliza aya.

Hata nyumbani, nakala hizi si mbadala wa kuhifadhi. Ukihifadhi na kufunga Word kwa kawaida, Word huzifuta kwa sababu inaamini huna shida nazo tena.

Wateja wenye Microsoft 365 hutuuliza kuhusu swichi ya AutoSave iliyo juu kushoto. Hiyo ni kitu tofauti. Inahifadhi faili lenyewe kila baada ya sekunde chache, lakini ni pale tu faili linapokuwa limewekwa OneDrive au SharePoint. Faili likiwa kwenye flashi, swichi hiyo haikusaidii, na bando likiisha usiitegemee. Baki na AutoRecover yako ya dakika 2. Pia swichi hiyo ya AutoSave inahitaji uangalifu kwa wafanyabiashara. Ukifungua ankara ya mwezi uliopita ili ubadilishe jina la mteja na bei, swichi ikiwa imewashwa, ankara ya zamani inaandikwa juu yake papo hapo kabla hujafika kwenye jumla. Anza na File, Save a Copy, ndipo ubadilishe. Ikiwa umekwisha kuiharibu, bonyeza jina la faili pale juu, chagua Version History, urudishe toleo la awali.

Ikitokea umefuata yote haya na kazi bado huioni, usiendelee kuitumia kompyuta hiyo, na usimpe mtu akupigie Windows upya, kwa sababu diski ikifomatiwa folda ile ya `.asd` inaondoka nayo. Usiendeshe pia programu za kusafisha kompyuta. Izime, tuletee, na utuambie mambo mawili: jina la faili, kama lilikuwa nalo, na saa ulipokuwa ukichapa mara ya mwisho. Kwa saa hiyo tunajua ni nakala ipi tuitafute. Kuseti dakika kwenye Word, Excel na PowerPoint tunakufanyia bila malipo ukiwa umekuja kwa huduma nyingine yoyote. Omba tu, ni kazi ya muda mfupi ukiwa umesimama kaunta.