Vikundi vya wafugaji viunganishe mifugo, malisho yapumzike

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hii mipango ya vikundi vya wafugaji kuzungushana kwenye malisho, maana mingi inaitwa mzunguko lakini nyasi hazipumziki kabisa.

Chukua vikundi vitatu na malisho manne. Kila kikundi kikikaa kwenye eneo lake, basi kila wakati ni eneo moja tu liko wazi, na mkibadilishana kila siku 15 kila eneo linaliwa siku 45 mfululizo ndo lipumzike siku 15, sasa hapo nyasi ikichipua tu inang'atwa tena kabla haijarudisha nguvu kwenye mizizi, ikirudiwa hivyo inakufa. Lakini mkiunganisha mifugo yote iwe kundi moja, mkakaa siku 15 kila eneo, kila eneo linapata siku 45 za kupumzika, kwa mifugo ileile na ardhi ileile!

Shida ni maji, kundi kubwa linamaliza kisima haraka, na mnyama mgonjwa ataambukiza wote, kwahiyo wakaguliwe kwanza kabla ya kuchanganywa.

Halafu msiifate kalenda tu. Angalieni ile nyasi mifugo wanayoipenda zaidi, ikibaki fupi hameni hata kama siku hazijaisha, na kiangazi nyasi haikui kwahiyo siku 45 hazitatosha, hapo inabidi mifugo ipunguzwe mapema.

Mfugaji na msomaji wenu