Usibishe hodi: barua kwa mdogo wangu anayekwenda msibani

Mdogo wangu,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili, mara ya kwanza kwenye basi, mara ya pili jikoni nikiwa nimetulia. Umesema mwenzako wa kazini amefiwa na mama yake, wamemzika Jumapili huko huko London, na wewe utakwenda Jumamosi kwa kuwa ndiyo siku yako ya mapumziko, na utabeba shada la maua na bahasha ya rambirambi. Moyo wako ni mzuri. Lakini Jumamosi haifai, maua yaache, na bahasha usimpe. Nakujibu hapa wazi kwa sababu wengi wetu huku ughaibuni tunafanya kazi na Wayahudi au tunawatunza wazee wao, na siku moja tutaingia nyumba kama hiyo bila mtu wa kutuelekeza.

Nianze na siku. Tanga lao wanaliita shiva, maana yake saba, na hesabu inaanza mara wanapotoka makaburini. Siku ya mazishi yenyewe ni ya kwanza hata kama wamezika jioni, na siku ya saba hawaimalizi: asubuhi baada ya sala wanakaa kidogo, kisha wanainuka. Kwa hiyo waliozika Jumapili siku yao ya saba ni Jumamosi. Jumamosi ni Sabato, nayo inaingia Ijumaa jua likizama. Sabato inahesabiwa katika zile saba, lakini siku hiyo hakuna kukaa matanga wala kupokea wageni. Ina maana mlango wa mwenzako utakuwa wazi kwa watu kama wewe hadi Ijumaa mchana tu. Omba ruhusa, nenda Alhamisi jioni. Wanaokaa wenyewe ni wachache kuliko kwetu: aliyefiwa na baba, mama, kaka, dada, mwana, binti, mume au mke. Shangazi, wajukuu na majirani wao ni wa kuhudumia.

Unakumbuka yule Mzee niliyemtunza hapa Toronto miaka mitatu. Alizikwa Jumanne, na familia ilikaa hadi Jumatatu asubuhi. Mimi nilidhani kazi yangu imekwisha, lakini binti yake mkubwa aliniambia niende nyumbani kwake kama mgeni. Ninayokwambia nimeyaona humo.

Nje ya mlango palikuwa na jagi la maji na taulo za karatasi, kwa ajili ya waliotoka makaburini kunawa mikono kabla ya kuingia. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haukufungwa. Sababu ni kwamba kengele ikilia mfiwa atalazimika kuinuka kukukaribisha, na wiki hiyo yeye si mwenyeji wa mtu. Usibishe hodi, usibonyeze kengele, sukuma mlango taratibu. Ndani vioo vyote vilikuwa vimefunikwa kwa shuka, hata kile kidogo cha chooni. Mshumaa mmoja mnene unaowaka siku zote saba ulikuwa juu ya kabati. Binti wa Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, magoti yamepanda juu, miguuni kavaa viatu vya kitambaa, maana ngozi hawavai. Na kwenye blauzi yake, upande wa kushoto, palikuwa na mpasuko kama wa kiganja. Nilitaka kumwambia nguo imechanika. Baadaye ndipo nikajua kwamba wamechana makusudi siku ya mazishi, na kwa mzazi huchanwa kushoto, juu ya moyo. Wengine hubandika utepe mweusi uliokatwa badala ya kuchana nguo. Ukiona hivyo, usiulize.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nakuomba ulishike kuliko yote, kwa sababu ndipo sisi tunapokosea. Kwetu mtu akiingia msibani anaingia na sauti. Pole dada, poleni sana, ni kazi ya Mungu, jipe moyo, amepumzika. Asiyesema tunamwona hana utu. Kwao mgeni anaingia, hasalimu, anatafuta pa kukaa karibu na mfiwa, na ananyamaza mpaka mfiwa mwenyewe afungue mdomo. Wanalitoa katika kitabu cha Ayubu, mwisho wa sura ya pili, pale rafiki zake watatu walipokaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Aliyeanza kusema ni Ayubu, sura ya tatu. Walimu wao wa zamani wakaifanya hiyo kuwa kanuni na ikaandikwa katika Talmudi: wanaofariji hawaruhusiwi kunena mpaka mfiwa anene. Mimi naongeza langu, kwamba wale marafiki watatu walikuwa wafariji wazuri kwa siku zile saba, na wakaharibu walipoanza kumweleza kwa nini yamempata.

Mimi niliingia na pole zangu zote. Nilimshika mkono binti wa Mzee nikamwambia baba amekwenda mahali pema, alikuwa na umri, asilie sana. Hakunikemea. Alinitazama tu, akarudisha macho sakafuni, na mama mmoja aliyekaa kando akanigusa bega akinionyesha kiti. Nikakaa. Sijui tulikaa muda gani, labda dakika kumi, labda ishirini, na ukimya ule mwanzoni ulinikaba koo. Kisha akageuka mwenyewe akaniuliza, "Usiku ule wa mwisho alisema nini?" Nikamwambia. Kwamba aliomba chai ya limau, akanywa funda mbili, akataka pazia lifunguliwe aone theluji, akamtaja mama yao kwa jina. Alinisimamisha nirudie hilo la pazia. Wenzake walisogeza viti, na kila mtu akaanza kutoa lake kuhusu Mzee, wengine hata wakacheka. Mambo hayo ningekuwa nimeyafunika na maneno yangu ya "jipe moyo".

Kwa hiyo jiandae na kitu kimoja cha kweli unachokijua kuhusu yule mama. Kama hukumjua, muulize mwenzako alikuwa mtu wa namna gani, lakini baada ya yeye kuanza kuzungumza. Asipozungumza kabisa, basi umekaa naye, na hiyo ndiyo ziara yenyewe. Akitaka kuzungumzia kazi au mvua, mfuate huko huko.

Upande wa chakula, mlo wa kwanza baada ya mazishi mfiwa hali chakula chake mwenyewe, lazima kitoke kwa majirani au marafiki. Hapo mezani niliona mayai ya kuchemsha, mikate ya duara na bakuli la adesi. Mama yule yule aliyenionyesha kiti aliniwekea punje chache za adesi mbichi kiganjani akaniambia nizigeuze. Kunde, unajua, ina kovu lake ubavuni kama kinywa. Adesi ni laini na duara pande zote, haina kinywa, kama mfiwa asivyokuwa na kinywa. Nikaona kwamba ule ukimya wa sebuleni umefika hadi kwenye sahani.

Mimi siku ya pili nilipeleka pilau ya mbuzi, sufuria nzima, kwa mapenzi. Mkwe wa Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaifunika akaiweka pembeni. Hakuna aliyeionja. Nilirudi nyumbani nimeumia, mpaka yeye mwenyewe aliponieleza kwa upole kwamba nyama ile haikuchinjwa kwa taratibu zao, na sufuria yangu imeshapika kila kitu, nyama na maziwa, vitu ambavyo wao hawavichanganyi hata kwenye chombo. Chakula kinachoruhusiwa wanakiita kosheri. Si kila familia ya Kiyahudi inashika hayo, lakini wewe hujui ya mwenzako ikoje, na mgeni mwingine mle ndani huenda anayashika. Usimuulize mfiwa. Karibu kila nyumba ina rafiki au jirani anayepanga nani analeta nini siku gani. Mtafute huyo kupitia watu wa kazini. Ukimkosa, nunua kitu kilichofungwa kiwandani chenye alama ya kosheri, au peleka matunda mazima ambayo hayajakatwa. Siku ya tatu mimi nilibeba machungwa na zabibu, yakaliwa yakaisha.

Na wala usijipige kununua cha gharama. Talmudi inasimulia kwamba zamani matajiri walipelekewa chakula cha msiba kwenye vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini kwenye vikapu vya fito zilizobanduliwa ganda. Maskini wakaona haya. Ikaamriwa kwamba nyumba zote, tajiri na maskini, zipelekewe kwenye vikapu vya fito. Nawaza bahasha zetu zinavyotangazwa msibani kwa jina na kiasi, na natamani nasi tungeamriwa hivyo.

Maua si desturi yao. Fedha yako itoe sadaka kwa jina la marehemu, mara nyingi familia husema wapi ipelekwe. Wao husema tsedaka, neno lenye mzizi mmoja na sadaka yetu.

Ukifika jioni utakuta sala. Wanahitaji watu wazima kumi, na mahali pengine ni wanaume tu wanaohesabiwa, ili wafiwa waweze kusema Kadishi. Nilisikia Kadishi mara nyingi wiki ile nikidhani ni dua ya maiti, kumbe haitaji kifo hata mara moja, ni kumtukuza Mungu tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe simama wanaposimama, nyamaza, inatosha.

Usikae sana. Mfiwa akiinamisha kichwa, amechoka, ondoka. Hainuki kukusindikiza na hakuagi, usiyachukulie vibaya. Wao wakiondoka husema kwa Kiebrania maneno yenye maana ya "Mungu akufariji pamoja na waombolezaji wengine wa Sayuni na Yerusalemu", na hapo Mungu anaitwa Hamakom, yaani Mahali. Huko Uingereza utawasikia pia wakimwambia mfiwa, "Nakutakia maisha marefu." Hilo unaweza kulisema hata wewe.

Jumatatu ile asubuhi nilirudi kuchukua vitu vyangu nikawakuta wanatoka. Binti wa Mzee alikuwa amevaa viatu vyake vya ngozi kwa mara ya kwanza. Ni desturi, baada ya kuinuka wanatembea nje kidogo kuzunguka mtaa. Akanishika mkono tukazunguka pamoja kwenye theluji, na hakuna aliyesema neno.

Nipigie Alhamisi ukitoka, hata kama ni usiku.

Dada yako.