Barua kwa mwanangu: Mwachie kambo sauti yake

Mwanangu mpendwa,

Sura mbili za kitabu chako ulizonitumia nimezisoma, na ile ya Kolwezi, mji wetu wa migodi kule Katanga, Kongo, nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeandika kwa uangalifu, na kambo, kama tunavyomwita bibi kule Katanga, angefurahi kujua kwamba kuna mtu anayahifadhi maneno yake. Ila yale uliyoyaweka kinywani mwake siyo aliyosema. Ninayo ile kanda ya sauti, na siku ile nilikuwa nimeketi kando yake.

Kwenye kanda mama yangu, akisimulia jinsi Wakasai kama yeye walivyofukuzwa Katanga, anasema hivi: "Mu nonanti trwa tulilala ku gare juma mingi, batoto banalia mayi, balituambia kusema mwende kwenu." Wewe umeandika: "Mwaka 1993 tulilala stesheni kwa majuma mengi huku watoto wakililia maji, tukaambiwa twende kwetu."

Sentensi yako haina kosa la sarufi. Lakini tazama kilichotoweka. Yeye alisema "balituambia", maana yake kuna watu waliotamka maneno hayo, tena wengine walikuwa majirani zake. Wewe umesema "tukaambiwa", na wasemaji wamepotea. Kisha yeye aliyaleta maneno yao yalivyo, "mwende kwenu", ukayageuza kuwa "twende kwetu", kana kwamba yeye mwenyewe alikubali kwamba Kasai, alikotoka baba yake, ni kwao. Mama alizaliwa Kolwezi. Kasai alikuwa hajakanyaga. Hadithi nzima unayotaka kuandika imo ndani ya neno hilo moja, "kwenu", nawe umelinyoosha kwa sababu tu sentensi ilitaka kulingana.

Najua ulivyolelewa. Umekulia Nairobi, na walimu wako walikufundisha kuwa "batoto" ni kosa na "watoto" ndiyo sahihi. Shuleni wako sawa. Lakini Kiswahili cha Katanga hakikuzaliwa kwa watu kushindwa kusema vizuri, kilizaliwa kwa watu kuletwa mahali pamoja. Kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, ilianzishwa mwaka 1906, na ilihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo pale. Ikachukua watu Rhodesia ya Kaskazini, ikachukua Ruanda-Urundi, ikachukua Kasai. Reli ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilipokamilika mwaka 1928, safari ya kutoka Kasai kwenda migodini ikawa rahisi, na baba yake mama alipita njia hiyo. Kambini Kiswahili kikawa lugha ya wote. Kila mmoja alikiingia na namna yake ya kusema, ndiyo maana mtoto mdogo kule ni "katoto" na wengi wao ni "tutoto". Kifaransa kikashuka kutoka ofisini: miaka, namba, majina ya vyeo, stesheni. Kambo husema "nonanti trwa" kwa kuwa mwaka ni kitu alichokutana nacho kwenye karatasi za kampuni. Mayi na batoto ni vya nyumbani, na havina Kifaransa.

Kwa hiyo usichanganye lugha ovyo ili ukurasa uonekane wa kwetu. Kwenye sura yako ya pili umefanya hivyo. Umemfanya kambo aseme Kifaransa akipika, akibembeleza mtoto, akiomba Mungu. Hapo hakuwa na Kifaransa. Sikiliza kanda tena uone ni jambo gani linamvuta kwenye lugha gani.

Nataka ujue pia kwamba hutakuwa wa kwanza kuandika lugha hii. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, mwaka mmoja kabla mji huo haujaitwa Lubumbashi, chama cha watu waliokuwa maboi wa Wazungu kilitoa historia ya mji wao. Aliyeiandika ni André Yav. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga chenye Kifaransa ndani yake, bila kumwiga mwalimu yeyote wa tahajia. Neno moja limekatwa vipande, maneno mawili yameshikana, nukta hazipo pale unapozitarajia. Mtafiti Johannes Fabian alipoishughulikia, aliona kwamba kwa macho peke yake haieleweki vya kutosha. Kalundi Mango, msemaji wa lugha hiyo, akaisoma kwa sauti, na sentensi zikarudi mahali pake, kwa sababu pumzi ya msemaji inaonyesha wazo linakoishia. Kitabu chao kilitoka mwaka 1990, na usomaji ule wa sauti wameuweka pamoja na maandishi ya Yav.

Fanya hivyo na wewe. Ukimaliza ukurasa, msomee mtu wa Lubumbashi kwa simu. Akikatiza kuuliza "nani alisema?", hapo umekosea mahali pa kukata. Akicheka pasipochekesha, umemwekea kambo neno ambalo mwanamke wa rika lake hasemi.

Tahajia uichague mara moja, uishike. Ukiandika "mayi" ukurasa wa tatu, usiandike "maji" ukurasa wa kumi kinywani mwa mtu yuleyule, maana msomaji atafikiri kuna jambo limebadilika. Kuhusu "gare", najua ulilihofia. Msomaji wa Tanga atadhani ni gari lililokosewa herufi. Usimwekee mabano. Mpe reli kabla ya neno: behewa zilizosimama, watu waliotandika mikeka kwenye jukwaa. Akifika kwenye "ku gare" atakuwa ameshafika stesheni.

Sasa lile gumu, ambalo hukuliuliza lakini nimeliona limekushinda. Mama alipofika Mwene-Ditu, mji wa Kasai, kwa reli ileile iliyomleta baba yake, alizungumza Chiluba alichofundishwa na wazazi. Kilikuwa na Kiswahili ndani yake, na sokoni walimtambua mara moja: huyu ni wa Katanga. Katanga alifukuzwa kwa kuwa Mkasai, na Kasai ulimi ukamtaja kuwa wa Katanga. Lakini kitabu chako ni cha Kiswahili. Neno la Kiswahili lililomponyoka sokoni litaonekanaje, ikiwa kila kitu kimeandikwa kwa Kiswahili?

Mimi ningefanya hivi. Mwuza mihogo aanze na salamu yake ya Chiluba, "moyo wenu", halafu aendelee kwa Kiswahili sanifu kabisa, ili msomaji ajue kwamba kwenye soko hili usanifu ndio unaosimama badala ya Chiluba. Kambo naye ajibu kwa usanifu huohuo, mpaka neno moja litoke kama lilivyokuwa Kolwezi: "Nipe na ya batoto kidogo." Mwuzaji anyamaze, amtazame. Usieleze kitu. Njia hii ina mpaka wake: itafanya kazi ikiwa tu kule nyuma, Kolwezi, ulimwacha kambo aseme "batoto" wakati wote. Ukimsafishia maneno kwenye sura ya kwanza, ya sokoni haitawezekana.

Wewe mwenyewe, unaposimulia, simulia kwa Kiswahili chako cha Nairobi. Usijifanye wa Kolwezi. Msomaji na ausikie umbali ulio kati yako na kambo, ni wa kweli, na ndio uliokufanya uchukue kalamu.

Anza na ile sentensi ya stesheni, uirudishe yote. Kisha sikiliza kanda dakika zile anapotaja jina la jirani aliyewafungulia mlango usiku ule. Umeliruka jina hilo, na sijui kama ni kwa kutolisikia au kwa kuogopa kuliandika. Nipigie Jumapili tuzungumze, kabla hujaanza sura ya tatu.

Baba yako