Madera 25: barua ya wazi kwa mabinti wa mezani

Wanangu,

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, iliingia meseji kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua: mwambieni mwenzenu alipe deni la watu, asijifiche. Jina lililotajwa ni la binti anayeuza madera meza ya tatu kutoka kwangu, huyu anayenichotea maji ya kunawa na kuniita bibi. Nikainua macho. Alikuwa ameketi juu ya furushi, simu kailaza kifudifudi mapajani, inatetema, haigusi. Hadi jioni meseji ile ilikuwa imemfikia fundi cherehani, shemeji yake aliyeko Tanga, na mwalimu wa mtoto wake.

Nimekasirika, na hasira nyingine ni yangu mwenyewe. Wiki tatu kabla ya hapo nilimwona akishusha mzigo mpya wa madera, nikampa hongera kwa kukuza mtaji. Sikumuuliza ametoa wapi hela. Mtu mzima mzima!

Jioni tulifunga meza, tukakaa kwenye benchi la muuza kahawa na daftari langu la kikoba, akanifungulia meseji zake zote. Nimemwomba ruhusa ya kuwaandikia tulichokiona, kakubali, sharti nisimtaje.

Aliomba mkopo wa mtandaoni wa Sh 400,000, wa siku 14. Walipoidhinisha, simuni ikaingia Sh 320,000. Ile 80,000 ilikatwa kabla hajaishika, wakaiita ada ya huduma. Kuitoa kwa wakala na makato yake, kama 5,000. Nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo, mbeba mzigo na bajaji, 15,000. Akabaki na 300,000 ya kununulia. Dera alilichukua kwa bei ya jumla 12,000, akapata madera 25. Hapa kwetu dera lile linauzwa 15,000, na mteja akikubana sana unalegeza.

Sasa, wanangu, chukueni kalamu. Madera 25 mara 15,000 ni 375,000. Deni ni 400,000. Maana yake hata angeyauza yote kwa siku moja, bila hata mmoja kuomba apunguziwe, angebaki anadaiwa 25,000, na hajala chochote. Mzigo ulikuwa na hasara tangu ukiwa kwenye bajaji, na mimi nikausifia.

Nikamwambia tugawe ile ada kwa madera. 80,000 kwa 25 ni 3,200 kwa kila dera. Faida yake kwa dera ni 3,000. Alinyamaza, akanichukua kalamu, akagawa tena mwenyewe. Mimi nilimwachia, maana hesabu unayoambiwa na bibi haikai kichwani kama ile uliyoipiga kwa mkono wako.

Kilichomdanganya ni neno asilimia. Walimwambia ada ni asilimia 20, naye anajua faida yake ya 3,000 juu ya 12,000 ni asilimia 25. Akaona anabakiwa na tano. Lakini ile 20 imepigwa kwenye 400,000 ambayo hakuiona kamwe. Piga 80,000 kwenye 320,000 iliyoingia, utapata asilimia 25, sawasawa na faida yake yote. Ongeza wakala na bajaji, umeshazama. Na hiyo ni ya wiki mbili tu. Ukikopa hivyo mfululizo, kila mwezi inakukata mara mbili.

Siku ya 14 ilipofika alikuwa kauza madera 16, yaani 240,000. Zimebaki 160,000 kutimiza deni. Badala ya kuja kwetu, akaingia kwa mkopeshaji mwingine wa mtandaoni. Akaomba 200,000 ya siku 7, ikaingia 160,000 kamili, akalipa la kwanza. Akauza yale 9 yaliyobaki, akapata 135,000. Deni 200,000. Pungufu 65,000, meza tupu, simu inatetema.

Walimpa pia njia ya kuongeza muda, nimeiona kwenye meseji zake. Unalipa ada nyingine, tarehe inasogea, lakini deni lenyewe linabaki lilelile. Wengi wenu mnaiita kupumua.

Atakuja mmoja kuniambia, bibi, mbona mama wa nyanya anakopa huko na anaendelea? Kweli. Mama wa nyanya anafungua tenga leo, kesho kutwa limeisha, anarudi sokoni na hela ileile. Ndani ya siku 14 hela yake inazunguka mara tano, sita, na kila mzunguko unabeba kipande cha ada. Dera lako linakaa mwezi likisubiri harusi au mwisho wa mwezi. Hela yako inazunguka mara moja, na mara hiyo moja ndiyo inayobebeshwa ada nzima. Hata yeye namwambia siku tenga likija limeoza chini, atalia kama wewe.

Kabla ya kukopa ili ununue mzigo, toa kiasi kinachoingia kwenye kile cha kulipa, gawa kwa idadi ya bidhaa, kisha weka kando ya faida ya bidhaa moja. Halafu fungua daftari uone mzigo uliopita uliisha kwa siku ngapi. Huna daftari? Basi hujui, na usiyejua usikope.

Na kwa nini hamwendi kuomba mali kauli? Nimezeeka nayo mimi. Mwenye duka la jumla aliyekuzoea atakupa madera 10 kwa neno lako, atakuongezea 500 kwenye bei ya kila moja, umlipe kadiri unavyouza. 500, si 3,200! Lakini mali kauli inataka mtu wa kurudi mlangoni kwa watu akisema, nimeuza manne, hizi hapa, mengine bado. Nyinyi mnaona haya kumwambia mtu bado, mnakwenda kwa simu kwa sababu haiwakazii macho. Haya, sasa imewasemea kwa shemeji na kwa mwalimu.

Lakini nisiwaonee. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Ni kitu kizuri, ila kinataka kikundi, usajili, andiko la mradi na kwenda ofisini na kurudi, wakati binti anataka mzigo wa Ijumaa. Simu inajibu kwa dakika tano. Na sisi wazee wa vikoba tunawawekea vijana masharti ya wadhamini watatu kana kwamba wanakuja kuoa. Hilo nitalisema kwenye kikao chetu, wenzangu wakasirike wakitaka.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Ukiona jina geni, hakiki leseni kwanza. Usiruhusu programu isome majina yaliyomo kwenye simu yako. Ada ya shule na mtaji visikae mfuko mmoja. Meseji za mkopo usizifute.

Binti yetu amelipa 30,000 ya deni lile kutoka kikoba, iliyobaki tumepanga atalipa kidogo kidogo, na duka moja limempa madera 6 kwa mali kauli. Jana kauza mawili. Nami nipo kwenye benchi la kahawa kila Jumamosi baada ya kufunga. Njooni na simu zenu, meseji zikiwa humo, kalamu ninayo.

Bibi yenu wa vitenge