Ratiba ya basi yenye safu kibao: usivute fonti kwa mausi

Juzi mteja wa sako moja ya mabasi ya kwenda Eldoret alitufikia na bango lake alilotengenezewa kwingine, analalamika abiria bado wanamuuliza karani kila kitu na ratiba iko hapo tu ukutani. Tukaliangalia: mistari ni Nairobi, Naivasha, Gilgil, Nakuru, Eldoret, na safu nane za saa, basi moja kila safu. Aliyedizaini alichukua Arial ya kawaida, namba za urefu wa sentimita 5, halafu zikakataa kuenea akazibana kwa mausi hadi 60% ya upana wake. Hapo ndo shida ilianzia. Ukibana hivyo mistari ya wima inakonda lakini ya ulalo inabaki minene vile vile, matundu ya 6 na 8 yanakuwa kama vijitobo, na kutoka mbali kidogo huwezi kujua ni 06 ama 08.

Fonti nyembamba ya ukweli, kama Arial Narrow au Roboto Condensed, imechorwa upya ikiwa nyembamba, unene wa mistari umesawazishwa, kwa hivyo haikondi upande mmoja.

Sasa hesabu ya bango lenyewe. Upana ni sentimita 120, majina ya steji yalikula 24, zikabaki 96, yaani 12 kwa kila safu. "06:45" kwa Arial ya kawaida yenye urefu wa sentimita 4 inachukua karibu 14, haiingii. Kwa Arial Narrow ni kama 11.5, inaingia, na mteja akafurahi akasema basi wekeni hiyo. Tukamwambia pole bosi, nafasi kati ya safu itakuwa nusu sentimita, saa zote zitasomeka kama mstari mmoja mrefu wa namba. Tulishuka hadi 3.2, saa ikachukua kama 9.2 na pengo likawa karibu 2.8. Watu wengi hapa hukosea, wanadhani fonti nyembamba ni ya kuongeza ukubwa wa namba, kumbe kwa ratiba kazi yake kubwa ni kununua pengo.

Kitu kingine, andika 1111 na chini yake 8888. Zikitofautiana upana achana na hiyo fonti kwa ratiba, maana safu itayumba. Na weka 06:45 si 6:45, ndio nukta mbili za kila saa zikae chini ya zile za saa iliyo juu yake. (Bebas Neue watu wanaipenda sana lakini haina herufi ndogo, kwa majina ya steji inachosha macho.)

Kabla hatujakata stika tunaprinti kipande cha saizi kamili tunakibandika dukani, mteja anasimama hatua sita tunamuuliza basi la tano linafika Gilgil saa ngapi. Huyu wa Eldoret kwa bango la zamani aliinua kidole afuate safu hewani, kwa jipya akajibu tu.