Barua ya kufunga muhula: ya mstarini, na ya debe la maharage

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule inafungwa Ijumaa saa nne asubuhi, na taarifa za maendeleo watakuja nazo watoto wenyewe. Baridi ya Rungwe mnaijua, kwa hiyo sweta zirudi Julai zikiwa na mikono yote miwili.

Ninalotaka kuwasimulia ni la Jumatatu iliyopita mstarini. Kwenye moko ya Hisabati, kijana wetu mmoja wa Kidato cha Nne, ambaye hajawahi kutoka kumi bora, alikaa na karatasi saa nzima kisha akaikusanya tupu. Nilimwita ofisini nikamfokea, nikidhani ni jeuri. Mwalimu wake wa Hisabati ndiye aliyeniumbua. Alimkalisha chumba cha walimu na mtihani wa mwaka mwingine wenye uzito uleule, bila saa ukutani wala msimamizi wa kumzunguka, na kijana akapata 61. Asiyesoma hafanyi hivyo. Huyu alijua, ila hofu ilimfungia mlango.

Nilisimama mbele ya shule nzima nikamwomba radhi, kisha nikawaeleza wanafunzi kinachotokea. Mtu akiogopa, moyo hukimbia na tumbo huvuruga kama anayefukuzwa na mbwa. Sehemu ya akili inayoshika hesabu hatua kwa hatua ni ndogo, na hofu ikiingia humo namba hazina pa kukaa. Ndiyo maana Hisabati huumia mapema kuliko masomo mengine.

Nikawauliza: mama anayetoka shamba na mkungu wa ndizi, anaupandishaje kichwani? Wakajibu kwa pamoja, "Anatwishwa!" Nikasema, basi na ninyi mseme "nitwishe". Hakuna aliyewahi kumwita yule mama dhaifu, na safari nzima anaibeba mwenyewe.

Kijana wetu alisema. Tangu hapo kila jioni hufanya swali moja kwa dakika 10, huku saa ikiwa mezani. Akizoea ataongeza mpaka amalize sehemu A yote, yale maswali 10 ya alama sita sita. Kabla ya kuanza huandika kwenye karatasi ya kutupa yote anayoyaogopa. Akishikwa, huvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, kisha huanza na swali analoliweza hata kama ni la tisa. Juzi mikono ilitetemeka tena akaacha maswali mawili; haiponi kwa wiki moja. Jina lake nimelihifadhi, lakini habari hii ameniruhusu niiandike. Na tangu ile Jumatatu wanafunzi 17 wamegonga mlango wa mwalimu wa unasihi. Sijapata kujivunia shule hii namna hii, hata mwaka ule wa kombe la netiboli.

Sasa tugombane kidogo. Wiki mbili kabla ya moko, matroni aliwakuta wasichana sita nyuma ya bweni saa nane usiku, na tochi na sufuria la kahawa nyeusi, wanapiga msuli. Kahawa imetoka wapi? Imetoka kwenu, siku ya kutembelea, pamoja na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Mzazi, ubongo huhifadhi yaliyosomwa wakati mtoto amelala. Anayekesha anamwaga alichokichota, na kahawa humwongezea mapigo ya moyo yaleyale ya hofu. Wawili kati yao walisinzia katikati ya Baiolojia. Nikikuta tena, nitakupigia simu wewe, sitamwadhibu mtoto.

Na baba uliyemwambia binti yako kwamba akipata sifuri asirudi nyumbani: amekunukuu neno kwa neno. Kila Jumapili jioni anaumwa tumbo, zahanati haioni ugonjwa, na Jumatatu ndiyo siku ya majaribio. Likizo hii muulize swali gani linamshinda, umsikilize mpaka amalize. Na yeyote atakayeona mtoto hali, halali, au anasema bora asingekuwepo, asisubiri shule ifunguliwe. Ampeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure kwa mtoto na kwa mzazi.

La mwisho ni chakula. Tulikubaliana kwenye kikao, mkanyoosha mikono, debe la mahindi na nusu debe la maharage kwa kila mtoto. Familia 43 hazijaleta hata punje, na baadhi yao nawaona sokoni Tukuyu wakiuza maharage hayohayo. Mtoto mwenye njaa hofu humpata upesi zaidi. Anayeshindwa kweli aje tuzungumze, hata kwa awamu tutapokea. Asiyekuja na asiyeleta, nitamfuata kijijini kwake na mwenyekiti wa bodi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkuu wa Shule